Simu Isiyo na Boksi: Anzia Pembeni Kabla ya Kutazama Kamera

Kwenye kibanda cha fundi simu karibu na kituo cha East Ham, mashariki mwa London, mama mmoja wa Kitanga aliweka mezani simu nyeusi ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka na kuzimika kabisa. Alitaka kuitengeneza kabla ya kumpelekea mdogo wake Tanga. Fundi, kijana wa Mombasa, akaigeuza upande wa nyuma.

"Mama, hii ni iPhone ngapi?"

"Ya kamera mbili."

"Boksi lake?"

"Mwanangu, boksi lilitupwa siku tulipohama."

Fundi akacheka kidogo, akavuta taa. Simu za iPhone zenye kamera mbili nyuma zimeshapita miundo kumi na tano tangu ile ya kwanza ya 2016, na kioo cha moja hakikai kwenye nyingine. Ukiagiza kioo kwa kubahatisha, pesa zimekwenda, kwa sababu duka la spea likiona utepe wa kuunganishia umeshakunjwa halirudishi kitu. Kwa hiyo kabla ya kufungua skrubu hata moja, simu lazima ijulikane jina.

Watu wengi hukimbilia kamera. Ni kosa linaloeleweka, maana kamera ndiyo inayoonekana kwanza na ndiyo watengenezaji wanayoibadilisha sura ili simu mpya isifanane na ya mwaka jana. Lakini mpangilio wa kamera hukutajia ukoo tu, na mara nyingine koo tatu kwa pamoja. Mafundi wazoefu huanzia pembeni na chini, kwenye vitufe na matundu. Huko ndiko mabadiliko hutokea mara chache, na yakitokea hayarudi nyuma.

Tuanze na vitufe. Ukishika simu kioo kikikutazama, iPhone ina vitufe vya sauti kushoto na cha kuwashia kulia. Samsung nyingi za miaka ya karibuni huweka vyote kulia, sauti juu na cha kuwashia chini yake. Pixel za Google nazo huweka vyote kulia, ila zimegeuza mpangilio: cha kuwashia kiko juu, sauti chini. Ukikuta kitufe cha ziada kwenye ubavu wa kulia, chini kabisa, pale kidole kingekaa kama unashika kamera kwa kulaza, huenda ni Sony Xperia, kwa kuwa Sony imeendelea kuweka kitufe cha kupigia picha. Au ni iPhone ya kizazi cha 16 na kuendelea, iliyopewa kitufe chake cha kamera mwaka 2024. Hapo hujatazama nembo wala lenzi, na tayari umeshajua kampuni.

Kisha tundu la chaji. Kwa iPhone ndilo mpaka ulio wazi kuliko yote. Hadi 14, na SE ya 2022, tundu ni lile jembamba la Lightning. Kuanzia 15, iliyotoka Septemba 2023, ni USB-C, mviringo wa yai uliolazwa, waya uleule wa Samsung. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza simu mpya zisizo na USB-C kuanzia tarehe 28 Desemba 2024. Uingereza yenyewe haikutunga sheria hiyo, isipokuwa Ireland ya Kaskazini inayofuata kanuni za soko la Ulaya. Ndiyo maana hapa London waya za aina zote mbili bado zimejaa kwenye vibanda, na simu za mtumba zenye tundu la zamani bado zinatembea mkono kwa mkono.

Turudi mezani. Simu ya yule mama ilikuwa na tundu la Lightning. Vizazi vya 15, 16 na 17 vikaondoka papo hapo, hata kabla ya kuhesabu lenzi. Ubavuni ilikuwa na swichi ndogo ya kuzima mlio, juu ya vitufe vya sauti. Hiyo haikutuambia kitu kipya, kwa sababu iPhone zote za zamani zinayo. Lakini kingo zake zilikuwa bapa. Ukipitisha kidole unahisi pembe, hakitelezi kama kwenye iPhone 11, ambayo kingo zake ni za mviringo. Kingo bapa zilirudi na 12 mwaka 2020. Trei ya laini nayo ilikuwa upande wa kushoto, wakati kwenye 11 iko kulia, chini ya kitufe cha kuwashia. Kwa hiyo zikabaki 12, 13 na 14, pamoja na ndugu zao wadogo na wakubwa.

Sasa ndipo kamera inapofaa. Kwenye 12 lenzi mbili zimesimama wima, moja juu ya nyingine, ndani ya kijukwaa cha mraba. Kwenye 13 zimekaa mshazari, kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia. Simu ya mama ilikuwa na mshazari. Imebaki 13 au 14.

Ukubwa unafuata, maana 13 ina mdogo wake, mini, na 14 ina kaka yake, Plus. Fundi hakutafuta rula. Alichukua kadi ya Oyster, ile ya kupandia basi na treni, ambayo kama kadi zote za benki ina urefu wa milimita 85.6 na upana wa 54. Aliilaza kwa urefu kuanzia ukingo wa juu wa simu, akaweka alama kwa ukucha, kisha akaigeuza kwa upana kuanzia pale pale. Jumla ni karibu milimita 139.6. iPhone 13 na 14 za kawaida zina urefu wa milimita 146.7, kwa hiyo simu huizidi kadi kwa milimita saba hivi. Mini ina 131.5, kwa hiyo kadi huizidi simu. Plus ina 160.8, na hubakiza sentimita mbili nzima. Simu ya mama ilibakiza upana wa kalamu. Si mini wala Plus.

Hapa ndipo mgongo unapoishiwa na maneno. iPhone 13 ya 2021 na 14 ya 2022 zina urefu uleule, upana uleule wa 71.5, mshazari uleule, tundu lilelile, swichi ileile, hata kipengo cheusi cha juu ya kioo kina umbo moja. Tofauti ya unene ni milimita 0.15, karibu na karatasi moja na nusu ya mashine ya kuchapia. Kijukwaa cha kamera cha 14 ni kikubwa kidogo, na ndiyo sababu kava la 13 hubana likivalishwa 14, lakini utaiona tofauti hiyo ukiwa nazo zote mbili mkononi. Ukiwa na moja tu, unakisia.

Rangi husaidia wakati mwingine. Waridi na kijani ni za 13. Zambarau na manjano ni za 14. Bluu ya 13 imekolea, ya 14 imepauka kama anga la asubuhi. Lakini nyeusi, nyeupe ya maziwa na nyekundu zimo katika zote mbili, na ya mama ilikuwa nyeusi.

Fundi akachomoa trei ya laini kwa pini. Hakutaka trei. Alitaka kilichomo ndani ya mwanya wenyewe. Katika iPhone kuanzia 8, namba ya muundo imechapwa ndani ya mwanya wa laini, kwa herufi za kijivu ndogo kiasi kwamba macho ya kawaida hayazioni. Akamulika kwa tochi, akaelekeza simu yake kwenye mwanya, akavuta picha karibu. Zikasomeka: A2633.

Hiyo ni iPhone 13, iliyotengenezwa kwa masoko mengi ya dunia ikiwemo Uingereza. Ingekuwa 14 ya masoko hayohayo ingeandikwa A2882. Ingekuwa 13 iliyonunuliwa Marekani ingeandikwa A2482, na hiyo unaweza kuitambua hata kabla ya kuvuta trei: ubavuni, chini ya kitufe cha kuwashia, ina kidirisha kirefu cha mviringo kwa ajili ya antena ya 5G ya masafa ya juu, ambacho simu za Uingereza hazina. iPhone 14 ya Marekani haina trei kabisa. Ukiona 14 isiyo na mahali pa kuweka laini, jua imevuka bahari, na mtu wa Tanga atahitaji laini ya kielektroniki ili kuitumia. Kwa simu zisizo na trei, namba imechapwa ndani ya tundu la chaji.

Kioo cha 13 kikaagizwa. Kazi yote ya kutambua ilichukua muda mfupi kuliko mazungumzo ya bei.

Samsung ni mtihani mgumu zaidi, na nasema hivyo nikijua wapenzi wake watanuna. Mwaka 2023 kampuni hiyo iliamua kuwa karibu simu zake zote ziwe na sura moja kwa nyuma: lenzi zinazotokeza kila moja peke yake, wima, bila kijukwaa. Galaxy S23, simu ya bei kubwa, na A14, simu ya mfuko wa kawaida, zikawa na duara tatu katika mstari mmoja. Kwa muuzaji wa mtaani ni neema, kwa mnunuzi ni mtego. Kadi ya Oyster inaokoa hapa pia: S23 ina urefu wa milimita 146.3, A14 ina 167.7, na A14 ina tundu la hedifoni chini ilhali S23 haina. Mtu akikuuzia "S23" yenye tundu la hedifoni, mrudishie simu yake na umtakie siku njema.

Ndani ya ukoo wa A, tazama ubavu wa kulia. Kuanzia A15 na A25 za mwishoni mwa 2023, Samsung iliinua sehemu ya ubavu palipo na vitufe ikawa kama kituta kidogo. Ukipitisha kidole unakihisi. Ubavu ukiwa laini moja kwa moja, simu ni ya kizazi cha A14, A34, A54 au kabla. Ukiwa na kituta, ni ya baada. Kisha tazama chini. A15 na A25 zina tundu la hedifoni, A35 na A55 hazina. Kati ya A35 na A55, gusa fremu: A55 ni ya alumini, huhisiwa baridi asubuhi ya London, na A35 ni ya plastiki.

Lakini A15 zenyewe ni mbili. Moja ni ya 4G, nyingine ya 5G, na zote zimeuzwa Uingereza. Lenzi, vitufe, tundu, rangi na vipimo, vyote sawa. Ndani ni simu mbili tofauti, zenye bongo tofauti, na hakuna jicho litakalozitenga kwa nje. Dawa ni maandishi madogo sana yaliyochapwa chini ya mgongo, karibu na ukingo, ambayo wengi hudhani ni uchafu. Yakisomeka SM-A155F ni ya 4G. SM-A156B ni ya 5G. Katika ukoo huu tarakimu ya tatu ndiyo yenye siri: 5 kwa 4G, 6 kwa 5G, na ndivyo ilivyokuwa kwa A14 kabla yake na A16 baada yake. Maandishi yakiwa yamefutika kwa jasho la kava, mulika tochi kwa ubavu, usimulike kwa mbele. Mikwaruzo ya herufi hutokea kwenye kivuli.

Kuna jambo moja ambalo mgongo hauwezi kukuambia hata ukiukodolea macho mchana kutwa: kama ni mgongo wake mwenyewe. Mafundi hubadilisha bodi ya nje, au hausingi kama wanavyoiita, ikiwa imepinda au kioo cha nyuma kimevunjika. Namba iliyochapwa kwenye mwanya wa laini hufuata bodi ya nje, haifuati ubongo wa simu. Simu ya kweli iliyovalishwa bodi ya nyingine itakupa namba ya nyingine. Trei ndiyo kabisa: hubadilishwa kwa pini na sekunde tatu, kwa hiyo IMEI iliyochongwa kwenye trei za baadhi ya iPhone isichukuliwe kuwa ushahidi.

Na kuna wanaobadilisha kwa makusudi. Biashara inayojulikana sana kwa mafundi ni ya kuchukua iPhone XR, simu ya 2018 yenye lenzi moja, na kuivalisha bodi ya sura ya 13 Pro au 15 Pro yenye lenzi tatu. Lenzi mbili ni vioo vitupu. Anayeuza kwa jina la "XR iliyogeuzwa" na bei ya XR hajamdhulumu mtu. Anayeuza kwa jina la Pro ni mwizi. Rula inamuumbua: 13 Pro ina upana wa milimita 71.5, na XR ina 75.7, na kioo cha XR hakiwezi kuingia kwenye bodi nyembamba, kwa hiyo bodi ya kugeuzia huwa pana kama XR yenyewe. Kisha fungua kamera. Pro ya kweli huonyesha vitufe vya 0.5, 1 na ukuzaji wa juu. XR, hata ivae nini, haina 0.5. Ukitaka uhakika zaidi, ziba lenzi moja moja kwa kidole huku ukitazama kioo; kama kuna moja tu inayotia giza kwa namna zote, umeshajua.

Kwa sababu hiyo, simu ikiwa inawaka, usihangaike na mgongo peke yake. Piga

```
*#06#
```

na tarakimu kumi na tano za IMEI zitatokea. Tarakimu nane za mwanzo ndizo zinazotaja muundo. Sita zinazofuata ni za simu hiyo moja, na ya mwisho ni ya kuhakiki tu. Daftari la tarakimu hizo nane huwekwa na GSMA, jumuiya ya makampuni ya simu duniani, ambayo makao yake makuu yako hapahapa London. Simu nyingi mno zina IMEI inayoanza na 35, na hizo 35 ni alama ya taasisi ya Uingereza iliyopewa kazi ya kugawa namba, BABT. Kwa hiyo hata simu iliyotengenezwa Vietnam na kuuzwa Kariakoo inaweza kubeba hati ya kuzaliwa ya Kiingereza.

Linganisha jina linalotokana na IMEI na jina ulilolipata pembeni na mgongoni. Yakikubaliana, umemaliza. Yasipokubaliana, amini IMEI iliyo kwenye kioo kuhusu ubongo wa simu, na amini bodi kuhusu kava utakalonunua tu. Kwa kioo na betri itabidi fundi afungue. Kubadilisha IMEI yenyewe ni kosa la jinai Uingereza tangu sheria ya 2002, na simu iliyochezewa namba hiyo huwa na mengine yaliyochezewa.

Simu iliyozimika kabisa, isiyo na maandishi yanayosomeka, bado ina njia. Mwenye simu akiingia kwenye akaunti yake ya Apple kwa kompyuta, orodha ya vifaa humpa jina la muundo na IMEI. Akaunti ya Google hufanya vivyo hivyo kwa Android kupitia huduma ya kutafuta simu iliyopotea. Mwenyewe ndiye anayeweza kuingia humo. Aliyeiokota au kuiiba hawezi, na katika jiji ambalo polisi wake walihesabu takriban simu 80,000 zilizoibiwa mwaka 2024, swali la "boksi liko wapi?" halimaanishi kava na kioo tu. Fundi wa East Ham alimwomba mama aingie kwenye akaunti yake pale pale kabla ya kupokea kazi. Aliingia, jina likatokea, iPhone 13, sawa na mwanya ulivyosema.

Wewe unayepokea simu kutoka kwa ndugu aliyeko Uingereza, usimwombe picha ya mgongo. Mwombe picha tatu: ubavu wenye vitufe, tundu la chaji, na mwanya wa laini trei ikiwa nje, tochi ikiwashwa. Ikifika Tanzania, tuma IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano, nayo itakujibu jina la kampuni na muundo wa simu uliyoshika. Fanya hivyo kabla ya kununua kava, na kabla ya kumlipa fundi hata shilingi ya kioo.